Mwombaji simjui kama ni wa kike au wa kiume: imeili ya Kiingereza naiandikaje?

Afisa_wa_Ipagala (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nipo hapa Dodoma, nashughulika na ajira kwenye shirika moja ambalo makao makuu yake yako nje, kwa hiyo taarifa za waombaji zote naziandika kwa Kiingereza. Sasa kuna mwombaji anaitwa Tumaini. Wasifu wake hauna picha wala jinsia, barua kaiandika vizuri tu, simu aliyoiweka haipatikani. Nimesoma na akina Tumaini wa kiume, na jirani yangu Tumaini ni mama wa watoto watatu. Kubahatisha siwezi.

Kwa Kiswahili nisingekuja kuwasumbua. "Amesema ataleta vyeti vyake mwenyewe", imeisha hiyo. Kiingereza ndicho kinanibana, maana bosi wangu hataki kabisa kuona "they" kwa mtu mmoja. Nimetii, matokeo ni haya:

```
The applicant says he or she left his or her last job in March.
He or she can start on 1 July if we send him or her the contract
this week. He or she asked whether he or she may bring his or her
originals himself or herself.
```

Nikiisoma kwa sauti pumzi inakata. Wanaoandika Kiingereza kila siku wanapitaje hapa?

Siti_ya_Mbele

Weka "s/he" uendelee na maisha.

Afisa_wa_Ipagala

Mkuu, na vyeti vyake je? Hiyo "s/he" inanisaidia mwanzo wa sentensi tu. Nikifika kwenye "his" na "him" narudi kulekule kwenye mikwaju.

KijanaWaChimwaga

Bosi wako kapitwa na wakati. "They" kwa mtu mmoja inaruhusiwa, hata mwongozo wa APA tunaotumia chuoni unaikubali tangu toleo la 2019. Ila angalia jambo moja: kwa kuwa ni mtu mmoja, kitenzi nacho kiwe cha mtu mmoja. Andika "they has applied", "they is available". Hapo hakuna atakayedhani ni watu wengi.

Kalamu_Nyekundu

Kijana, nusu ya kwanza umepatia. Nusu ya pili ukiiandika kwenye imeili ya kazi, mpokeaji atajua Kiingereza ndicho kimekushinda. "They" inabeba kitenzi chake cha siku zote hata ikimhusu mtu mmoja: "they have applied", "they are available", "they were late". Mbona "you" mnaizoea? Zamani Mwingereza akiongea na mtu mmoja alisema "thou art", na "you are" ilikuwa ya watu wengi. Leo unamwambia mtu mmoja "you are" na humuoni amegawanyika.

Kinachobadilika ni pale unapolirudia jina lenyewe. "The applicant" ni mmoja, kwa hiyo "the applicant has", kisha kwenye sentensi inayofuata "they have". Vyote viwili vinakaa katika aya moja bila kugombana:

```
The applicant has two years' experience. They have also
managed a small budget.
```

Vivyo hivyo "everyone has brought their certificates". "Everyone" inachukua "has", halafu "their" inafuata.

Dada (au kaka, maana na wewe hujasema!), aya yako nitairudia nikishatoka kazini. Nina kitu cha kusema juu yake.

Afisa_wa_Ipagala

Haha, ni dada.

MwalimuWaKondoa

Nimefundisha Kiingereza sekondari hadi nikastaafu. Tuliwafundisha watoto kwamba kiwakilishi kifuate idadi ya nomino. "The applicant" ni umoja, "they" ni wingi, kwa hiyo ni kosa. Hizi ni fasheni za mitandaoni za miaka hii michache. Bosi wako yuko sahihi.

Kalamu_Nyekundu

Mwalimu, shikamoo. Kwamba mlifundisha hivyo ni kweli, na vitabu vya sarufi vilisema hivyo. Ila kwamba ni fasheni ya juzi, hapo nakukatalia kwa heshima zote. Waingereza wanaitumia "they" kwa mtu asiyejulikana tangu karne ya 14. Waliokuja kuikataza ni wanasarufi wa karne ya 18, wakasema "he" itoshe kwa wote. Bunge la Uingereza nalo mwaka 1850 likapitisha kwamba katika sheria zake maneno ya kiume yahesabiwe kuwabeba na wanawake. Kanuni uliyoifundisha ni changa kuliko matumizi inayoyakataza.

MwalimuWaKondoa

Marahaba. Hiyo historia naipokea. Lakini mtu akizungumza "they" sokoni ni jambo moja, barua ya ofisi ni jingine. Mimi kwenye barua naiepuka bado.

Kalamu_Nyekundu

Kuiepuka kunawezekana, Mwalimu, tena mara nyingine ndiyo njia nzuri kuliko zote. Nakuja huko.

Wakili_Msoto

Mnajichosha. Sheria yetu ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inasema maneno ya jinsia ya kiume yanajumuisha ya kike. Andika "he" mwanzo mwisho. Hakuna mahakama itakayokusumbua.

Kalamu_Nyekundu

Wakili, sheria inamzungumzia mtu yeyote yule, leo na miaka 30 ijayo. Imeili ya dada inamzungumzia Tumaini mmoja mwenye namba ya simu. Msomaji wa kule akiona "he" hafungui Sura ya 1. Anajua ameambiwa kuwa Tumaini ni mwanaume. Wiki ijayo anamwekea chumba cha pamoja na kijana mwingine kwenye mafunzo, halafu anashuka dada na begi lake. Kwenye sheria "he" ni kanuni. Kwenye imeili ni habari, na hapa habari hiyo hatuna.

Wakili_Msoto

Hoja ya chumba nimeielewa. Kwenye mikataba nabaki na msimamo wangu.

Mama_Mizabibu

Samahani wapendwa, na mimi nina hilohilo. Nauza mchuzi wa zabibu kwa jumla, kuna kampuni nje imeniandikia kwa jina la kwanza tu, sijui ni bwana au bibi. Nimeanza "Dear Sir/Madam". Nimwandikie "Dear They"?

Kalamu_Nyekundu

Hapana mama, "Dear They" usithubutu. Hapo ulipo huzungumzi juu ya mtu, unazungumza naye, kwa hiyo "you" inakutosha barua nzima. Kwenye salamu andika jina lake kama alivyosaini, bila "Mr" wala "Ms". Mtindo wa Kiingereza cha Uingereza ni huu: ukianza na jina unamaliza na "Yours sincerely"; ukianza na "Dear Sir or Madam" unamaliza na "Yours faithfully".

Mama_Mizabibu

Asante mwanangu. Anayetaka mchuzi anifuate pembeni.

Siti_ya_Mbele

Kuna jamaa ofisini kwetu alimaliza ugomvi wote kwa "it". "The customer came with its complaint."

Afisa_wa_Ipagala

Mteja amekuwa meza 😂

Dereva_wa_Stesheni

Mimi si mtu wa kuandika ila hili la "they" limeniuma kweli. Nilikuwa natumwa na nyumba moja ya wageni hapa mjini. Kipindi cha Bunge la bajeti vyumba hakuna, magari ya kukodi hakuna. Dada wa mapokezi anapata imeili kutoka kwa wakala: 

```
The guest says they will arrive on Thursday evening and
they will need a pickup from the SGR station.
```

Akaniambia "wageni wanakuja Alhamisi". Nikaulizia wangapi, akasema haijaandikwa, beba Noah. Nimekodi Noah ya watu, nimesimama pale stesheni na kibao, anatokea mzee mmoja ana mkoba wa kompyuta. Mmoja! Tukapiga siti tupu hadi Area D. Hela ya Noah nani alilipa, tusiongee.

KijanaWaChimwaga

Ndiyo maana nilisema "they has" 😅

Kalamu_Nyekundu

Kijana pumzika. Kaka Dereva, umeleta mfano ambao ndio mtego mkubwa kwetu sisi. Sarufi ya sentensi ile haina tatizo. "The guest says": hakuna "s" kwenye "guest", na ipo kwenye "says". Dalili zote za mtu mmoja zipo pale mwanzoni. Lakini msomaji wetu akikutana na "they" kichwani inaingia "wao", na ikishaingia "wao" dalili za mwanzo zinasahaulika. Mwingereza angeuliza pia? Huenda, kwa sababu wapo wanaoandika "the guest" wakimaanisha aliyelipia, na nyuma yake kuna familia.

Kwa hiyo panapohusika kitanda, siti au sahani ya chakula, usiiachie "they" kazi ya kuhesabu. Taja idadi mwanzoni, na kiwakilishi chenyewe mara nyingi kinakosa kazi:

```
One guest, arriving Thursday evening, needs a pickup
from the SGR station.
```

Hakuna "he", hakuna "she", hakuna "they". Na Noah haikodiwi.

Sasa aya ya dada. Nimehesabu, kuna vibandiko vinane vya "he or she" na ndugu zake. Wengi wangefanya hivi, kuondoa kila kimoja na kupachika "they":

```
The applicant says they left their last job in March. They can
start on 1 July if we send them the contract this week. They
asked whether they may bring their originals themselves.
```

Sarufi ni safi, na ni nyepesi kuliko ile ya kwanza. Lakini viwakilishi bado ni vinane, umebadilisha nguo tu. "He or she" ilikuwa inaficha kwamba sentensi zenyewe zina viwakilishi kupita mahitaji. Uliza kila kimoja: nikikitoa, kuna mtu atapotea? "If we send them the contract": mkataba wa nani mwingine? "Themselves" hapo inamaanisha ataleta kwa mkono wake, na Kiingereza kina "in person". Ukipunguza unapata hii:

```
The applicant left their last job in March and can start on
1 July, provided the contract goes out this week. They would
like to bring the originals in person.
```

Vimebaki viwili, na vyote vinaeleweka ni vya nani.

Afisa_wa_Ipagala

Hii naielewa kabisa. Ila kuna kitu kimepotea. Mimi niliandika "says". Kwamba aliacha kazi Machi ni maneno yake, sijampigia mwajiri wake wa zamani. Yako inasoma kama nimethibitisha. Kule makao makuu wakija kukuta si kweli wataniuliza mimi.

Kalamu_Nyekundu

Umenikamata vizuri, na ni jambo la kuangaliwa kila unapofupisha. Rudisha dai kwa mwenyewe bila kurudisha kiwakilishi: "The applicant reports leaving their last job in March". "Reports" inasema ni maneno yake, na "leaving" haihitaji mtenda wa pili.

Na kwa ajili ya bosi wako, na Mwalimu, toleo lisilo na kiwakilishi hata kimoja:

```
The applicant reports leaving the last job in March, can start
on 1 July if the contract goes out this week, and asks to bring
the original certificates in person.
```

Hapo bosi hana pa kuweka kalamu.

MwalimuWaKondoa

Hii ndiyo Kiingereza. Mnaona? "They" haikuhitajika.

Kalamu_Nyekundu

Katika sentensi moja, ndiyo. Lakini mwalimu, jaribu ukurasa mzima hivyo. "The applicant" ikija mara kumi na tano inaanza kunuka maelezo ya polisi. Kwenye taarifa ndefu "they" moja moja inapumzisha msomaji.

Ila kuna mahali hata mimi siipeleki, nayo ni pale palipo na kundi jingine karibu. Angalia hii, ipo sana kwenye taarifa za ajira kwa sababu ya wadhamini:

```
The applicant told the referees that they had sent
the wrong form.
```

Nani alituma fomu isiyo sahihi? Ukisoma hivi lawama ni ya mwombaji, ukisoma vile ni ya wadhamini, na sentensi haikusaidii kuchagua. "He or she" pale ingesaidia, nakiri hilo ni jambo moja jema la "he or she". Dawa ni kumtaja mtenda. Kama ni mwombaji: "The applicant admitted to the referees having sent the wrong form." Kama ni wadhamini: "The applicant blamed the referees for sending the wrong form." Zote mbili hazina "they", kwa hiyo hakuna kilichobaki cha kugombania.

Huduma_kwa_Mteja_DOM

Nafuatilia toka mwanzo. Sisi tunapokea malalamiko ya wateja kwa namba za tiketi, majina hatuoni. Naandika "The customer says the machine kept their card". Hiyo iko sawa? Na nikiwa na jina kwenye faili, mfano Bahati, niandike "Bahati says they..."?

Kalamu_Nyekundu

Ya kwanza iko sawa kabisa. Ya pili ifikirie. "The customer ... they" msomaji anaelewa papo hapo kwamba humjui. "Bahati ... they" msomaji wa nje atajiuliza kama Bahati mwenyewe ndiye ameomba aitwe hivyo, maana wapo watu kule wanaochagua "they" iwe kiwakilishi chao. Hilo ni jambo la mtu mwenyewe kukuambia, huwezi kumpa. Kwa hiyo kama jina linakuchanganya, taja jina mara moja kisha endelea na "the customer". Na ukishajua, acha. Mteja akipiga simu na akajitambulisha kuwa ni mama fulani, imeili inayofuata ni "she". Kuendelea na "they" kwa mtu unayemjua kunamfanya asomeke kama mgeni.

Siti_ya_Mbele

Halafu ile "themself" ni Kiingereza au ni kosa la kidole?

KijanaWaChimwaga

Ipo, na inaleta maana kuliko "themselves" kwa mtu mmoja. Tuna "yourself" na "yourselves", kwa nini tusiwe na "themself"?

MwalimuWaKondoa

Hapo nazima simu.

Kalamu_Nyekundu

Ipo kwenye kamusi, tena ni ya kale. Hoja ya Kijana ya "yourself" ni nzuri sana, sina cha kuipinga. Lakini kwenye imeili ya ofisi bado naandika "themselves" au nakwepa, kwa sababu wasomaji wengi wataiona "themself" kama kosa kabla hawajafika kwenye ujumbe. Wenzangu wengine wa uhariri wanaiandika bila woga. Hatujaelewana.

Wakili_Msoto

Narudi kwenye mikataba. Huko siwezi kuruhusu "they" maana palepale kuna pande mbili, mwajiri na mwajiriwa, na "they" ikiangukia katikati ni kesi. Tunarudia "the Employee" hata ikichosha.

Kalamu_Nyekundu

Hapo tuko pamoja. Ila basi rudia "the Employee" moja kwa moja, usichanganye na "he".

Wakili_Msoto

Tutaona 😀

Afisa_wa_Ipagala

Mrejesho wakuu. Nilituma toleo lisilo na kiwakilishi, bosi kapitisha bila kugusa, hata hakuniuliza. Na Tumaini simu yake imepatikana leo asubuhi, ni dada, alikuwa kijijini Mpwapwa mtandao unasumbua. Kwa hiyo taarifa ya usaili naandika "she".

Sasa limezuka jipya. Kwenye orodha fupi wamebaki watatu, na wote ni wanawake. Nina aya ya mwisho inayosema atakayechaguliwa lazima ahamie Dodoma na atapewa nauli:

```
Whoever is selected will have to move to Dodoma before
they sign, and we will pay their fare.
```

Niache "they" au niweke "she", maana yeyote atakayepita ni mwanamke?

Kalamu_Nyekundu

Ningeacha "they". Hujui ni yupi kati yao, na orodha ikirudiwa kesho akaingia mwanaume huna haja ya kurekebisha.

MwalimuWaKondoa

Mimi ningeweka "she". Wote watatu ni wanawake, jinsia inajulikana, na wewe mwenyewe, Kalamu, umesema ukishajua uache.

Kalamu_Nyekundu

Nilisema ukishamjua mtu, Mwalimu. Hapa tunajua orodha tu.

MwalimuWaKondoa

Orodha ya akina nani?

Huduma_kwa_Mteja_DOM

Mwalimu kambana 😂 Mimi nipo upande wa "she".

Dereva_wa_Stesheni

Afisa, huyo atakayepita akija kwa treni niambie mapema ni mmoja au ana familia.